Lebo Iliyobandikwa Mlangoni pa Kutokea

Baktesti inapogawanywa kwa hali ya soko, kila tredi hupewa lebo ya hali iliyokuwepo wakati wa kuingia. Baktesti ya dhahabu inayozunguka kwa matreda wa Tegeta imebandika lebo siku ya kutoka, na uamuzi huo mmoja umeharibu kazi yote iliyobaki, ingawa spredi na swapu zimekatwa ipasavyo, data ni safi, na kanuni hazikubadilishwa katikati.

Mkakati wenyewe ni wa kizamani: kununua XAUUSD pale siku inapofunga juu ya kilele cha siku 20 zilizopita, stopu ikiwa ATR mbili chini, na kutoka bei inapofunga chini ya bonde la siku 10. Mgawanyo una masanduku manne. ADX ya siku 14 ikifika 25 soko linahesabiwa kuwa na trendi, ikiwa chini ya hapo halina. Mtikisiko ni ATR ya siku 20 ikigawanywa kwa bei, nayo huitwa ya juu au ya chini kwa kulinganishwa na kiwango chake cha kati cha siku 252 zilizotangulia. Kiwango hicho kikichukuliwa kwenye historia nzima, tredi ya 2014 itakuwa imepimwa kwa bei za 2020.

Tuchukue tarakimu za kukokotolea: tredi 120 zenye faida ya jumla ya 18R, R moja ikiwa hasara ya stopu kamili. Kwa lebo ya kutoka, tredi 45 za trendi zinapata wastani wa +1.4R, na 75 zisizo na trendi zinapoteza 0.6R kila moja. Picha inavutia, na hitimisho lake, kwamba tredi ichukuliwe pale tu ADX inapovuka 25, ndilo wauza signali hulihubiri kila wiki.

Lakini ADX hupanda kwa sababu bei imekwenda mbali upande mmoja. Tredi iliyopata 4R ilihitaji safari hiyo hiyo ya bei, kwa hiyo inapofungwa karibu kila mara huikuta ADX iko juu. Iliyopigwa stopu siku ya tatu haikuipa ADX nafasi ya kupanda. Lebo na faida zimetokana na kitu kimoja. Ni sawa na kuwapanga wanafunzi madarasa baada ya kuona matokeo ya mtihani, kisha kusifu darasa la kwanza kwa ufaulu. Dalili ya ugonjwa hupatikana kwa kuchagua siku za kuingia kwa bahati nasibu, huku kanuni za kutoka zikibaki zile zile. Sanduku la trendi liking'aa hata hapo, kinachong'aa ni lebo.

Welles Wilder, aliyechapisha ATR na ADX katika kitabu kimoja mwaka 1978, alizikokotoa kwenye siku zilizokwisha kufungwa. Richard Dennis na William Eckhardt, walipowafundisha wale Makasa wao kuanzia 1983, waliwataka wajue ATR, waliyoiita N, kabla ya kuingia, maana ndiyo iliyopanga ukubwa wa tredi. Matreda wa leo wana kompyuta zenye nguvu kuliko za wazee hao, na bado wanaibia siku za mbele. Katika MT4, tredi ikifunguliwa mwanzo wa siku mpya, tarakimu ya mwisho iwe 1, yaani siku iliyofungwa jana:

```
iADX(NULL,PERIOD_D1,14,PRICE_CLOSE,MODE_MAIN,1)
iATR(NULL,PERIOD_D1,20,1)
```

Kwa lebo ya kuingia, tredi zile zile 120 zinajipanga upya. Trendi yenye mtikisiko wa chini ina tredi 30 na +15R. Trendi yenye mtikisiko wa juu, tredi 24 na −6R. Bila trendi, mtikisiko wa chini una tredi 36 na +9R. Wa juu, tredi 30 na sifuri. Trendi kwa jumla inatoa +9R na kutokuwa na trendi +9R pia. Tofauti iko kwenye mtikisiko: +24R upande wa chini, −6R upande wa juu.

Hata hivyo, matokeo ya tredi za aina hii hutawanyika sana. Utawanyiko ukiwa 2R, wastani wa tredi 66 una kosa la takriban 0.25R, na wastani uliopatikana ni 0.36R tu. Kwa hiyo faida hupangwa pia kwa miaka. Kuanzia katikati ya 2013, dhahabu ilikwama chini ya takriban dola 1,400 hadi ilipochomoka Juni 2019, ikavuka 2,000 Agosti 2020. Kama 24R zote zimetoka kwenye mchomoko huo, sanduku limepima tukio moja. Mpaka wa mtikisiko nao husogezwa kidogo juu na chini, na tofauti ikitoweka ilikuwa bahati. Chujio la mtikisiko, hadi hapo, ni dhana ya kupimwa kwa data mpya; lile la ADX 25 halina ushahidi wowote.