Kuilinda Theluthi: Uchambuzi wa Jaribio la Pembetatu

Miongoni mwa maswali yawekwayo katika mtihani wa vitendo wa sayansi ya chakula, lile la jaribio la pembetatu huonekana jepesi kuliko yote, kwa kuwa mwonjaji huwekewa vikombe vitatu tu, viwili vyenye kitu kimoja na cha tatu chenye kingine, akatakiwa akitaje kilicho mbali na wenziwe. Njia hii ilikuzwa katika miaka ya 1940 katika kiwanda cha bia cha Carlsberg, mjini Kopenhagen, palipohitajika kuteua waonjaji wenye ulimi wa kutegemewa, na tangu siku hizo nguvu yake yote imesimama juu ya jambo moja: mtu asiyehisi tofauti yoyote, akilazimishwa kuchagua, atapatia mara moja katika kila mara tatu. Theluthi hiyo ndiyo mizani ya hukumu, na takriban kila kosa analolifanya mtahiniwa mezani ni kosa la kuiharibu pasipo kujua.

Tuchukue swali la kawaida. Mtengenezaji wa sharubati ya ukwaju ataka kupunguza sukari kutoka gramu 100 kwa lita hadi gramu 90, naye ataka kujua kama wanywaji watatambua. Mtahiniwa amepewa waonjaji 24, na ni juu yake kuandaa, kuendesha na kutoa hukumu. Sharubati ya zamani tuiite A, na mpya tuiite B.

Mipango ya kuvipanga vikombe ni sita, nayo ni AAB, ABA, BAA, BBA, BAB na ABB, na kila mpango hupewa watu wanne. Hapa ndipo mtahini hupenda kuuliza sababu, na jibu la kwamba ndivyo kitabu kisemavyo halimridhishi. Sababu ni kwamba mtu asiyekuwa na yakini huvutwa na mahali kikombe kilipo, aghalabu kile cha katikati, na tena utamu uliotangulia huufisha ulimi kwa utamu ufuatao, hata kukitafuta kikombe kitamu zaidi kati ya viwili vyenye utamu mdogo kusiwe sawa na kukitafuta chenye utamu mdogo kati ya viwili vitamu zaidi. Mipango ikigawanywa sawasawa, upendeleo huo hauielemei A wala B.

Kwa mgao huo vikombe huwa 72, yaani 36 vya A na 36 vya B, na kwa mililita 30 kila kimoja, sharubati inayohitajika ni mililita 1,080 ya kila aina. Mtahiniwa aliyechanganya lita moja moja hupungukiwa akiwafikia waonjaji wa mwisho, akalazimika kuchanganya nyingine kwa haraka, na mchanganyiko wa pili hauwi kama wa kwanza. Basi na achanganye lita moja na nusu ya kila aina, gramu 150 za sukari kwa A na gramu 135 kwa B, rojo la ukwaju likiwa limetolewa katika chungu kimoja na kupimwa sawa, kisha maji yaongezwe hadi kipimo kamili kifike. Anayetia maji lita moja na nusu juu ya sukari na rojo hupata ujazo mbalimbali, na tofauti ya ukali wa ukwaju hujipenyeza palipotakiwa tofauti ya sukari peke yake.

Vikombe huandikwa tarakimu tatu zilizotolewa kwa sudfa, mathalani 417 na 862 kwa A, na 295 na 638 kwa B, ili hata vile viwili vilivyo sawa visiwe na alama moja. Herufi A na B zenyewe hazifai kuonekana na mwonjaji, kwani watu huipa ya kwanza heshima ya kutangulia. Lakini hila kubwa ya ukwaju ni mashapo: nyama yake nyembamba hushuka chini ya jagi katika muda mfupi, na mmiminaji asiyekoroga kabla ya kila kikombe atatoa vya mwanzo vyeupe na vya mwisho vizito. Mwonjaji mwenye macho hupatia bila kuonja, na theluthi imekwisha kufa. Ndiyo maana vibanda vya kuonjea huwashwa taa nyekundu, na ndiyo maana joto la vikombe vyote huwa moja, bila barafu inayoyeyuka ndani ya baadhi yake.

Karatasi ya majibu huwa fupi. Mwonjaji huambiwa aanze kushoto, asuuze kinywa kwa maji kati ya kikombe na kikombe, kisha aandike namba ya kile kilicho tofauti, na asipokuwa na hakika abahatishe. Kumruhusu aandike kwamba hakuna tofauti ni kumtoa katika hesabu yenye theluthi. Wengi pia huongeza swali la kipi kimempendeza zaidi, nami naliona hilo ndilo kosa baya kuliko yote ya karatasi, maadamu mtu aliyekwisha ambiwa kwamba kimoja ni tofauti amekwisha elekezwa kukishuku, na aliyebahatisha hana upendeleo wa kweli wa kuueleza.

Tuseme majibu yamekusanywa, na 13 kati ya 24 yamepatia. Kwa bahati tupu tungetazamia 8. Ihtimali ya kupata 13 au zaidi kwa kubahatisha tu ni kama 28 katika 1,000, chini ya kile kiwango cha 50 katika 1,000 tulichojiwekea kabla ya kuanza, basi twahukumu kwamba tofauti ipo. Lau wangalipatia 12, ihtimali ingalikuwa kama 68 katika 1,000, na tusingaliweza kusema hivyo. Wala tusingaliweza kusema kwamba sharubati hizo ni sawa, kwa kuwa kushindwa kuithibitisha tofauti kwa watu 24 si kuthibitisha usawa, jambo ambalo huhitaji waonjaji wengi zaidi.

Hapa watahiniwa huandika kwamba watu 13 waliitambua tofauti, nao hupoteza alama walizozipata kwa jasho. Miongoni mwa hao 13 wamo waliopatia kwa bahati. Kama walioitambua kweli ni K, waliobaki, 24 kutoa K, wamepatia kwa theluthi yao, basi:

13 = K + (24 − K) / 3

na K yatoka 7.5. Yaani ni watu saba au wanane, chini kidogo ya theluthi ya waonjaji, ambao ulimi wao uliikamata sukari iliyopungua. Mtengenezaji anayesoma 13 ataiacha sharubati yake mpya kwa hofu. Anayesoma saba au wanane aweza kuamua vingine, na hayo ni mambo mawili ya biashara.

Limebaki swali ambalo mtahini mwema huliweka mwisho: kwa nini tusiwaulize kipi ndicho kitamu zaidi, au kipi kina utamu mdogo zaidi, maadamu twajua kwamba ni sukari iliyobadilishwa? Theluthi ingebaki ileile, lakini watu walewale wangepatia zaidi, kwa sababu kulinganisha sifa moja ni kazi nyepesi kuliko kuvilinganisha vikombe viwili viwili na kutafuta kilicho mbali na wenziwe. Jawabu langu ni kwamba katika ukwaju sukari ikipungua ukali hupanda, na mwonjaji anayetazama utamu peke yake aweza kuupita ule ukali bila kuutaja, ilhali mnywaji nyumbani kwake huvinywa vyote viwili pamoja.