Gemu ya PS4 kwenye laptopu: kinachokwamisha ni hewa ya nyumbani, si kifurushi

Televisheni ya sebuleni ina watu wanaotazama tamthilia, na mwenye PS4 anataka kumalizia mechi yake ya soka chumbani, kwenye laptopu. Programu ya Sony iitwayo PS Remote Play inamruhusu. Gemu yenyewe inabaki ndani ya mashine sebuleni, picha yake inabanwa kuwa video na kutumwa kwenye laptopu, na kila anapobonyeza pedi amri inarudi kwenye mashine kwa njia hiyo hiyo. Anafungua, anacheza dakika mbili, kisha picha inapasuka vipande na pasi inatoka wakati mpira umeshaporwa. Wengi wakifika hapo huamini kifurushi chao cha intaneti ni kidogo, wakaenda kulipia cha kasi zaidi. Pesa hiyo haiwasaidii.

Haiwasaidii kwa sababu mashine na laptopu zikiwa kwenye ruta moja, video hiyo haitoki nje ya nyumba. Inatoka kwenye PS4, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye laptopu. Intaneti inahitajika ili kuingia kwenye akaunti ya PSN, na gemu inayochezwa mtandaoni itaendelea kuitumia kama kawaida, lakini picha unayoiona haigusi bando. Sony wanasema kiwango cha chini ni megabiti 5 kwa sekunde, na kwa mchezo mzuri zaidi wanapendekeza 15. Nyumbani, kasi ya kupima ni ile iliyopo kati ya mashine na laptopu, na ile iliyoandikwa kwenye risiti ya mtoa huduma haihusiki.

Sasa tutazame safari hiyo kwa karibu. PS4 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2013, ina waifai ya bendi ya gigahezi 2.4 peke yake. Bendi ya 5 ilikuja na Slim na Pro. Tuchukue nyumba ambayo PS4 hiyo ya zamani na laptopu vyote viko kwenye bendi ya 2.4. Programu huria ya Chiaki, inayofanya kazi sawa na ile ya Sony, huipangia picha ya 720p takriban megabiti 10 kwa sekunde, basi tutumie kiasi hicho. Megabiti hizo 10 zinapita hewani kutoka kwenye mashine hadi kwenye ruta, halafu zinapita tena hewani kutoka kwenye ruta hadi kwenye laptopu. Chaneli ni ile ile moja, na katika chaneli moja vifaa hupokezana zamu. Kwa hiyo mzigo halisi wa hewani ni 20, na kila simu ya jirani iliyo kwenye chaneli hiyo inadai zamu yake pia. Bendi ya 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Katika mtaa wa nyumba zilizobanana, hizo tatu hujaa jioni.

Dawa ya kwanza ni waya. Chomeka PS4 kwenye ruta kwa kebo ya mtandao, na nusu ya mzigo huo inaondoka hewani papo hapo. Hata ruta ya bei ndogo yenye tundu la megabiti 100 inatosha na kubakiza. Kisha laptopu iunganishe na bendi ya 5, ambayo ina chaneli nyingi na msongamano mdogo. Bendi hiyo ina udhaifu wake: haipenyi ukuta wa tofali vizuri. Ukuta mmoja inaweza kuuvumilia, lakini kuta mbili nene zinaidhoofisha sana. Kama kuna kitu kimoja cha kusogeza ndani ya nyumba, sogeza ruta iwe karibu na mlango wa chumba unachochezea, na waya wa PS4 uwe mrefu kadiri inavyohitajika.

Baada ya hapo ndipo mipangilio ina maana. Kwenye PS4 fungua `Settings`, kisha `Remote Play Connection Settings`, na uwashe `Enable Remote Play`. Kwenye laptopu bonyeza alama ya gia, ingia `Video Quality for Remote Play`, utakuta `Resolution` na `Frame Rate`. Watu wengi hupandisha ukubwa wa picha kwanza. Kwa gemu ya soka au ya mapigano nashauri kinyume chake: weka `Frame Rate` kuwa `High`, na kama mtandao unasuasua shusha picha hadi 540p. Fremu 60 kwa sekunde maana yake picha mpya kila baada ya milisekunde 17 hivi. Fremu 30 ni kila baada ya 33. Kwenye skrini ndogo ya laptopu jicho husamehe ukungu kidogo, lakini kidole hakisamehi kuchelewa.

Unajuaje kama hewa iko sawa? Ukiwa mahali utakapochezea, fungua dirisha la amri la Windows, andika `ipconfig` uone namba ya ruta kwenye `Default Gateway`, kisha uiweke hapa:

```
ping -n 100 192.168.1.1
```

Usitazame wastani peke yake. Soma majibu moja moja yanavyoshuka. Yakiwa milisekunde 2, 3, 5, 2, hewa ni safi. Yakiwa 3, 4, 140, 3, 210, hapo kuna ugonjwa, ingawa kipimo cha kasi ya intaneti kitakupa namba nzuri. Filamu ya YouTube huhimili mirindimo hiyo kwa sababu imeshajiwekea sekunde kadhaa za akiba. Gemu haiwezi kuweka akiba, kwani fremu inayofuata inategemea kitufe ambacho bado hujakibonyeza.

Dalili zenyewe hutofautiana, na kila moja inaelekeza pake. Picha ikiwa na ukungu kisha ikajisafisha, nafasi ya kupitishia data imepungua: shusha `Resolution`. Ikiwa safi ila inaganda kidogo mara kwa mara, hiyo ni ile 140 na 210 ya hapo juu: badilisha bendi au chaneli. Picha ikiwa safi na laini lakini mchezaji anaitika kwa uzito, angalia pedi. Bluetooth nayo hutumia bendi ya 2.4, hivyo pedi isiyo na waya na waifai ya 2.4 hugombana ndani ya laptopu moja. Chomeka DualShock 4 kwa waya wa USB uone tofauti.

Laptopu isipoiona PS4 kabisa, mara nyingi viko kwenye mitandao miwili tofauti: kimoja kipo kwenye waifai ya wageni, au nyumba ina ruta mbili zinazofuatana. Linganisha anwani. Katika ruta nyingi za nyumbani, kimoja kikiwa 192.168.1.20 na kingine 192.168.0.15, havijakutana.

Hesabu hii yote ni ya ndani ya nyumba. Ukitoka na kuunganisha kwa data ya simu, zile megabiti 10 kwa sekunde zinakuwa gigabaiti 4.5 kwa saa, na zinakatwa mara mbili: kwenye laini ya nyumbani inayotuma na kwenye bando la simu inayopokea.