Qaf Moja, Vitabu Viwili

Mwanafunzi wa darsa yetu hapa Mbezi Beach alimtetea mpokezi dhaifu wa hadithi: "Sheikh, huyu ni wa Bukhari na Muslim, ana alama ya qaf." Alichoshika ni kurasa za Taqribut-Tahdhib ya Ibn Hajar (aliyefariki 852 H), na humo qaf ni Ibn Majah. Yeye alizoea Al-Jamius-Saghir ya Suyuti (aliyefariki 911 H), ambamo qaf ni Bukhari na Muslim pamoja, na Ibn Majah huandikwa kwa ha. Wanavyuoni hao hawana lawama, kwani kila mmoja alifafanua alama zake katika dibaji. Nawalaumu wanaotoa fotokopi na kuiacha dibaji hiyo. Nakala zilizogawiwa kijana wetu zilianzia majina ya alif.