Joho Kabla ya Kufungiwa Sandukuni

Nondo anayeruka chumbani hali nguo. Mdomo wake haufanyi kazi. Anayetoboa joho la sufu ni kiwavi wake, ambaye akianguliwa hana hata urefu wa milimita 2. Hupenda kiza na mahali pasipoguswa, na sufu iliyokaukiwa na jasho au tone la mchuzi humnenepesha kuliko sufu safi. Ndiyo maana jirani yetu hapa Unguja, mama anayetunza majoho ya wazee wa ukoo wake, haanzi na dawa. Huanza na ukosi.

Sikukuu ikipita hulitandaza joho juu ya shuka nyeupe karibu na dirisha, akaugeuza ukosi na kupitisha burashi laini polepole kwenye mishono, kwapani na chini ya tarizi. Kisha husoma kilichodondoka. Vipunje vyenye rangi ileile ya joho ni kinyesi cha kiwavi, kwa sababu rangi ya sufu hupita tumboni mwake bila kupotea. Akiona na utando, ni nondo. Akiona magamba matupu yenye vinywele, bila utando, ni buu la mbawakawa wa mazulia, na hapo huikagua tarizi ya hariri uzi kwa uzi, maana buu hilo hula hariri pia.

Joho lenye dalili hukunjwa bila kubanwa, likatiwa kwenye mfuko wa nailoni, hewa ikakamuliwa na mdomo ukafungwa kwa utepe wa gundi. Hukaa wiki 2 kwenye friza lenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi. Huweka moja tu kwa wakati, kwa kuwa friza lililoshindiliwa hupoa taratibu, na mdudu anayepozwa taratibu hupata nafasi ya kuizoea baridi. Ninachokistahi zaidi ni subira yake likishatoka: haufungui mfuko mpaka kesho yake, ili umande utue juu ya nailoni na si juu ya zari.

Kafuri na karafuu hunukia vizuri, lakini sanduku la mbao lina nyufa na harufu hutoroka. Nafthalini huua pale tu mvuke wake unapojaa mahali palipozibwa kabisa, na mvuke huohuo huweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye upungufu wa G6PD, hali iliyo ya kawaida katika pwani yetu. Nyumbani kwake hairuhusiwi.

Baridi haimzuii nondo wa kesho. Kwa hiyo joho safi huingia kwenye mfuko wa marekani uliofumwa kwa kubana, mdomo ukashonwa kwa mkono, na kila baada ya miezi michache mshono huo hufumuliwa, ukosi ukageuzwa tena juu ya shuka ileile.