Twaja Mlangoni Pako

Kikundi cha akina mama wa mtaa wetu, upande wa Pangani, hukutana baada ya Isha katika usiku wa giza, ule ambao mwezi haupo na wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao. Kwa miaka mingi dua ilisomwa na mtu mmoja, mama mtu mzima ninayemwita Bi Mkubwa, kutoka daftari la mistari aliloliandika mwenyewe. Yeye alisoma, wengine wakaitikia amina. Mwaka mmoja alianza kukohoa, sauti ikawa haifiki ukumbini, na wenzake wakasema sasa isomwe na wote. Wakajaribu siku tatu. Siku ya nne daftari likaletwa kwangu.

Nilikwenda kusikiliza kabla ya kugusa kitu. Walianza pamoja vizuri, na kufika katikati ya sentensi ya kwanza walikuwa wameshatawanyika: mmoja kavuta pumzi hapa, mwingine pale, wa tatu kaendelea peke yake akiona haya, wa nne kanyamaza kusubiri amina. Sentensi yenyewe hii hapa, na mwenyewe ameniruhusu kuinukuu:

“Ewe Mola wetu Mwenye kumiliki mawimbi na upepo na kila kiumbe kilichomo baharini, tunakuomba uwalinde waume zetu na watoto wetu ambao wametoka usiku huu kwenda kutafuta riziki, uwaepushe na dhoruba na kila shari iliyo wazi na iliyojificha, uwarudishe salama na chochote utakachowajaalia, kiwe kingi au haba.”

Ni sentensi nzuri. Ukiisoma peke yako, unapumua unapotaka na hakuna anayejua. Nilihesabu mizani zake: 129. Watu ishirini hawana pahala pa kukubaliana wapumue wapi, kwa sababu mwandishi hakuwapa. Alijiandikia mwenyewe, kwa mapafu yake.

Mtu wa pwani akipewa kazi hii hana haja ya kwenda mbali kutafuta kipimo. Utenzi upo: mistari minne kwa ubeti, mizani nane kwa mstari, mistari mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina cha bahari kinachorudi mpaka mwisho wa utungo. Kipimo hiki kilikibeba Chuo cha Herekali mwaka 1728, na hakijachoka. Wala kugeuza nathari ya ibada kuwa beti si jambo geni kwetu. Maulidi ya Barzanji yaliandikwa Madina katika karne ya 18 kwa nathari ya Kiarabu, nathari yenye vina vinavyofuatana mwishoni mwa vifungu, na Sayyid Mansab wa Lamu akayatia katika beti za Kiswahili. Hata yanaposomwa kwa Kiarabu chake, hadhira haikai kimya hadi mwisho. Baina ya mlango na mlango huachiwa nafasi wamswalie Mtume. Mwenye kuandika kwa ajili ya kundi huwaza mapema kundi litaingilia wapi.

Mizani nane zina siri moja inayonifanya nizipende kwa kazi ya kusoma pamoja. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo mstari wa mizani nane, uwe na maneno mawili au manne, lazima uangukie mkazo kwenye mizani ya saba. Watu wanaweza kutofautiana katikati ya mstari, mmoja akaharakisha, mwingine akavuta, lakini ile ya saba inawakusanya wote, na ya nane wanaitua pamoja. Hapahitaji dufu wala kupiga makofi.

Jambo la kwanza nililoamua lilikuwa kina cha bahari. Nilichagua “-ko”. Dua yote inamsemesha Mmoja, na kila kitu kinachotajwa ndani yake hatimaye ni chake: mlango ni wako, ulinzi ni wako, fadhila ni zako. Ngeli zikibadilika, neno linabadilika sura na kina kinabaki. Nilitaka hata mtoto aliyesinzia, akizindukana kwenye mstari wa nne, ajue tunazungumza na nani.

Ubeti wa kwanza ulianza vibaya. Niliandika “Ewe Mola wa bahari”, nikafurahi, kisha upepo ulikuwamo kwenye daftari, nao sharti uingie, nikaandika “wa upepo na habari”. Mizani nane kamili, kina safi. Habari gani? Hapana habari yoyote. Ilikuwa imeletwa na kina. Hiki ndicho kidonda cha kazi hii. Katika shairi la mapenzi neno la kujazia ni aibu ya mshairi peke yake. Katika dua, watu ishirini wanamwambia Mungu neno wasilolikusudia. Dalili yake ni rahisi: muulize msomaji yeyote mstari huo unaomba nini au unasifu nini. Akikosa jibu, ufute. Nikaufuta, upepo nikauacha, ubeti ukawa:

Ewe Mola wa bahari,
wa wimbi na wa safari,
wajua kheri na shari,
twaja mlangoni pako.

Wa pili ulinifundisha habari ya “ambao”. Nathari yetu ya daftari hupenda kuning'iniza virejeshi: ambao wametoka, kilichomo, utakachowajaalia. Kwenye mizani nane “ambao” peke yake inakula tatu, na msomaji hana alichopata. Ukiiondoa, tendo linasimama kwa miguu yake. Nikajaribu “wametoka usiku huu”, nikahesabu tisa, maana “huu” ni mizani mbili. Washairi wana inkisari, wangeweza kulikata neno popote wakaendelea. Mimi nilijiwekea mwiko: nisiandike neno ambalo mama muuza vitumbua halisemi, kwa kuwa atakapolifikia atalisema anavyolijua, na mizani itamponyoka mdomoni. Nikageuza mpangilio badala ya kukata neno:

Usiku wameondoka,
riziki wanaisaka,
na sisi tunawaweka
katika ulinzi wako.

Kuhesabu nako kuna mitego. Jicho hudanganya, hesabu kwa kinywa. “Mvuvi” ni mizani tatu, kwa sababu “m” yake inasimama peke yake, lakini “mbele” ni mbili tu. Lililonishinda kabisa ni “amri”. Katika ubeti wa shari niliandika “kwa nguvu za amri yako”. Wenzangu wa upande mmoja wa ukumbi wakalitamka kwa mizani mbili, wa upande wa pili wakaitenga ile “m”, zikawa tatu. Wote walikuwa sawa. Mstari ukapasuka katikati kama turubai. Neno lenye matamko mawili halifai mahali pa watu wengi, hata likiwa zuri namna gani. Nikaweka neno ambalo pwani nzima hulitamka namna moja:

Shari iliyo dhahiri,
na ile iliyo siri,
uiondoe, Kahari,
kwa ule uwezo wako.

Hiyo “ule” inanisumbua mpaka leo. Ni kijazio, nakiri. Ila haisemi uongo, nami nimeshindwa kupata bora.

Ubeti wa nne ndio ulioleta ugomvi. Niliuandika hivi: dhoruba uwaepushe, salama uwarudishe, na kidogo kiwatoshe. Nikaona nimefika. Mtu kuomba kidogo kimtoshe, kuna unyenyekevu gani kuliko huo? Bi Mkubwa akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. “Mwanangu, mimi sikuomba kidogo. Nimeandika kingi au haba. Wewe ushakula chakula chako cha jioni, ndiyo maana wawapunguzia wenzio dagaa.” Kicheko kikajaa ukumbini, na alikuwa na haki. Kina kilinivuta kwenye dua yangu mwenyewe, nikaiacha ya aliyenituma. Mshairi akiwa peke yake anaweza kuongozwa na vina vyake hadi asikokukusudia, na pengine akafika pazuri. Anayegeuza dua ya watu hana ruhusa hiyo. Nikarudi nayo kesho yake:

Dhoruba uwaepushe,
salama uwarudishe,
kingi, haba, kiwatoshe:
chote ni fadhila zako.

Bismillahi, salawati na amina sikuzigusa. Hayo yana kipimo chake cha zamani kuliko changu, na kuyabana kwenye mizani nane ni kuyavunja. Yalikaa nje, mwanzo na mwisho, kama mihimili ya mlango.

Siku moja nikaketi kuhesabu tena, kwa udadisi tu. Beti nne, kila mmoja mizani 32, jumla 128. Sentensi ya daftari ilikuwa 129. Watu wote walikuwa wakinishukuru kwa kuwafupishia dua, nami nilikuwa nimepunguza mizani moja. Niliacha upepo na viumbe wa baharini, nikaongeza mlango wa kubisha, basi ikalingana. Walichopata ni mahali pa kupumua. Mistari miwili hutoka kwa pumzi moja. Mama mmoja mwenye pumu huchukua mmoja mmoja, na bado anaitua mizani ya saba pamoja na wenzake.

Mgawanyo wa sauti tuliupanga kwa kujaribu. Tulianza kwa wote kusoma yote, ikawa nzito, kama watu wanaosukuma gari. Sasa msomaji mmoja huchukua mistari mitatu na ukumbi mzima huingia kwenye wa nne. Kina cha “-ko” kikawa chao. Usiku wa pili hapakuwa na aliyehitaji karatasi kwa mstari wa nne, na kufikia giza la mwezi uliofuata watoto walikuwa wakiisoma mitatu ya mbele pia, wakicheza rede.

Palibaki jambo moja ambalo ubeti haukuliweza. Kwenye daftari, “waume zetu na watoto wetu” ilifuatiwa na ukurasa mzima wa majina. Bi Mkubwa alikuwa akiyataja yote, moja moja, na kila mama alisubiri la kwake. Majina hayana mizani sawa, na orodha hubadilika: huyu kahamia mjini, yule kapata kazi ya bodaboda, mwingine bahari haikumrudisha. Nilijaribu kutunga ubeti wa majina nikaona natengeneza kitu kitakachozeeka kwa msimu mmoja, tena kitakachomchoma mtu kila kikisomwa.

Nikaacha pengo. Baada ya “katika ulinzi wako” msomaji hunyamaza, na kila mmoja humtaja wake moyoni. Mwanzoni niliandika pembeni mwa karatasi kwamba anyamaze kiasi cha ubeti mmoja. Bi Mkubwa akaifuta kwa kalamu. Wapo wenye jina moja, akasema, na mimi ninayo matano.

Kwa hiyo sasa msomaji haangalii karatasi hapo. Huinua uso akatazama midomo ya wenzake kwenye mwanga wa taa, inavyocheza bila sauti. Ule wa mwisho ukishatulia, na mara nyingi ni wa Bi Mkubwa, ndipo anapoanza: shari iliyo dhahiri.