Picha Tisini Zisizo na Nyota

Picha nzuri ya nebula ya Jabari, yaani lile wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 1,350 na ambalo macho matupu huliona kama doa la ukungu chini ya nyota tatu za mkanda, haipatikani kwa kubonyeza kamera mara moja. Katika usiku mkavu wa mwishoni mwa Januari, wakati Jabari hupita karibu na utosi kabla kidogo ya saa nne, mpiga picha anayetega kamera kandokando ya Ziwa Elementaita anaweza kurudi Nakuru na picha 210, na kati ya hizo 90 hazina nyota hata moja. Thelathini ni za giza tupu, thelathini ni za kitambaa cheupe, na thelathini zimepigwa lenzi ikiwa imefunikwa, kwa kasi kubwa kuliko zote ambazo shata ya kamera inamudu. Mtu asiyeijua kazi hii angezifuta zote ili apate nafasi kwenye kadi, ilhali ufundi unaosifiwa hapa umo ndani ya hizo tisini.

Sensa ya kamera imejaa vijisanduku vinavyohesabu mwanga, ambavyo huitwa pikseli, na kila kimoja hukosea kwa namna mbili. Kosa la kwanza ni la bahati: chembe za mwanga huwasili bila mpangilio, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati, kwa hiyo hesabu ya dakika hii haiwi sawa na ya dakika inayofuata, na picha hujaa chenga kama za televisheni iliyokosa mawimbi. Dawa ya kosa hili ni kupandanisha, yaani kupiga picha nyingi za sehemu ileile ya anga, kuzilaza moja juu ya nyingine nyota kwa nyota, kisha kuchukua wastani wake. Kwa kuwa chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha, picha 120 za sekunde 60 kila moja huzipunguza hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi na moja. Kosa la pili, hata hivyo, ni la mazoea: pikseli fulani huzidisha hesabu kila mara, na pembe fulani ya lenzi hupunguza mwanga kila mara, kwa kiasi kilekile. Kosa la namna hii haliponywi na wastani. Chenga zinapotulia, nebula hafifu hujitokeza, na kasoro za mazoea hujitokeza pamoja nayo zikiwa wazi kuliko zilivyokuwa katika picha moja. Kuziondoa ndiko kunakoitwa usawazishaji.

Bonde la Ufa la kati lina taabu yake ya pekee katika jambo hili. Nakuru iko kiasi cha theluthi moja ya nyuzi moja kusini mwa Ikweta, kwa hiyo ncha zote mbili za anga zimelala kwenye upeo wa macho, na Nyota ya Kaskazini, ambayo wapiga picha wa Ulaya huielekezea mhimili wa mashine inayoizungusha kamera kufuata nyota, hapa imemezwa na ukingo wa Menengai na vilima vingine. Mhimili hupangwa kwa kubahatisha na kusahihisha, ukabaki na hitilafu ndogo, na hitilafu hiyo huzifanya nyota zisogee polepole kwenye sensa kutoka picha hadi picha. Programu ya kupandanisha inapozirudisha nyota mahali pamoja, hulazimika kuzisogeza zile pikseli zinazozidisha, ambazo hazikuwa zimesogea, na nukta moja nyekundu hugeuka kuwa mchirizi. Michirizi maelfu inayoelekea upande mmoja, mithili ya mvua ya upepo, ni dalili ya kwanza kwamba picha za giza zilikosekana au hazikufaa.

Picha ya giza hupigwa lenzi ikiwa imefunikwa kabisa, kwa muda uleule wa sekunde 60, kwa kiwango kilekile cha ISO, na sensa ikiwa na joto lilelile. Masharti mawili ya kwanza ni mepesi, bali la tatu ndilo linalowashinda wengi. Joto hung'oa elektroni ndani ya sensa hata pasipo mwanga, na kwa kadirio la kawaida kiasi chake huongezeka maradufu kwa kila nyuzi sita hivi za Selsiasi. Usiku wa Elementaita hupoa kwa nyuzi kadhaa kati ya magharibi na alfajiri, kwa hiyo anayeziacha picha za giza azipige nyumbani asubuhi, chumbani penye nyuzi 22, ilhali nebula ilipigwa penye nyuzi 10, atatoa kasoro ya joto iliyo mara nne ya ile iliyokuwepo. Matokeo yake huonekana bila kutafutwa: mahali palipokuwa na nukta angavu panabaki na shimo jeusi. Nukta angavu zikibaki bila kuguswa, kosa ni la upande wa pili, kwamba picha za giza zilipigwa penye baridi zaidi. Mwenye subira huzigawa, kumi kabla ya kuanza, kumi katikati na kumi mwishoni, ili wastani wake ukaribiane na joto la usiku mzima. Idadi nayo haichaguliwi kwa mapambo, kwani picha moja ya giza ina chenga zake yenyewe, na kuitoa katika picha ya anga ni kuondoa kasoro moja na kupandikiza nyingine.

Kuhusu kitambaa cheupe inafaa kukaa kidogo, maana hapo ndipo nebula hafifu huokolewa au hupotezwa. Lenzi yoyote hupitisha mwanga mwingi katikati kuliko pembeni, na vumbi lililotua mbele ya sensa huweka vivuli vya mviringo. Vumbi la huku si la kawaida: mbali na udongo wa majivu ya volkeno, Kariandusi karibu na Gilgil kuna machimbo ya diatomaiti, unga mweupe wa magamba ya miani wadogo mno walioishi katika ziwa la kale, mwepesi kiasi cha kupeperushwa na upepo mdogo. Ili kuyarekodi haya yote, kitambaa cheupe huvutwa juu ya lenzi bila mikunjo, na mwanga ulio sawa huelekezwa kwake kutoka kioo cha tableti. Wengi hutumia anga ya machweo, lakini jua la Ikweta huzama wima na mwanga unaofaa hupita ndani ya dakika chache. Lenzi haizungushwi, fokasi haiguswi, na tundu la lenzi halibadilishwi, kwa kuwa kivuli cha vumbi hubadilika kufuatana navyo. Kioo cha tableti humemeteka upesi kuliko jicho linavyotambua, kwa hiyo shata fupi mno huleta mistari. Kukunja kitambaa mara mbili au tatu, hadi shata ihitaji kiasi cha nusu sekunde, huondoa udhia huo.

Hesabu ifuatayo, yenye tarakimu zilizorahisishwa, inaonyesha kinachotokea. Ichukuliwe kwamba kamera huongeza 2,048 katika kila hesabu hata pasipo mwanga wowote. Nyongeza hiyo ndiyo inayorekodiwa na zile picha thelathini za kasi kubwa, ambazo hapa zitaitwa picha za msingi. Mwanga wa anga tupu katikati ya picha ni 1,000. Pembeni, ambako lenzi hupitisha asilimia 70 tu, kuna utando wa vumbi la Jabari unaoongeza asilimia 2 juu ya anga, yaani 1,020 kabla ya kupunguzwa na lenzi na 714 baada yake. Giza la pembeni ni asilimia 30 na nebula ni asilimia 2, na hii ndiyo sababu ya picha isiyosawazishwa kuonyesha duara la giza mahali pa nebula, hata mwanga wake ukivutwa namna gani. Picha ya kitambaa, baada ya kutolewa ile nyongeza, ina 8,000 katikati na 5,600 pembeni, uwiano wa 0.7. Gawanya 714 kwa 0.7 na jibu ni 1,020. Utando umerudi, ukiizidi anga ya katikati kwa 20 kamili.

Sasa nyongeza ya 2,048 isipotolewa katika picha za kitambaa, hesabu zake zitakuwa 10,048 na 7,648, uwiano wa 0.76, na 714 ikigawanywa kwa uwiano huo hutoa takriban 938. Pembe iliyopaswa kung'aa kuliko katikati imekuwa nyeusi kuliko katikati, na nebula imezikwa. Kosa likiwa kinyume, nyongeza ikabaki katika picha ya anga yenyewe, 2,762 ikigawanywa kwa 0.7 huwa kiasi cha 3,946 dhidi ya 3,048 ya katikati, na pembe huwaka kama zilizomulikwa kwa tochi huku vivuli vya vumbi vikigeuka kuwa madoa meupe. Fundi hasomi tarakimu hizi kwenye kila pikseli. Huangalia pembe na madoa tu. Pembe nyeusi humwambia akague picha za kitambaa, na pembe nyeupe humrudisha kwenye picha za giza, ambazo zikitolewa sawasawa huwa zimekwisha kuibeba nyongeza hiyo ndani yake, wala haifai kutolewa mara ya pili.

Usawazishaji una mpaka, na ni heshima kwa ufundi huu kuutaja. Mng'ao wa taa za Nakuru unaopanda upande mmoja wa picha unatoka nje ya kamera, kwa hiyo kitambaa hakiujui na hakiwezi kuuondoa. Pikseli iliyojaa hadi ukingo haina habari iliyobaki ya kurekebishwa, na ndivyo kiini cha nebula kinavyoungua na kuwa cheupe kitupu katika picha za sekunde 60. Umande ukitua kwenye lenzi saa nane za usiku, picha za kitambaa zilizopigwa saa mbili hazielezi tena lenzi iliyopo. Juu ya yote, chenga zinazoletwa na mwanga wenyewe haziondolewi na kitambaa wala giza. Hizo hutaka muda zaidi chini ya anga.

Tisini hizo hazidumu kwa kadiri moja. Picha za giza na za msingi zaweza kuwekwa akibani, zikiandikwa joto, muda na ISO, na kutumika kwa miezi mingi kabla sensa haijabadilika vya kutosha kuzitia kasoro. Za kitambaa hupigwa upya kila usiku, kwa sababu upepo ukivuma kutoka Kariandusi punje moja tu ikahama, kivuli chake huachwa mahali pawili: palipokuwa jana, na palipo leo.