Ulinzi wa basba: tuache kubishana kuhusu uzee na usasa

Ukiwauliza wanafunzi wa umeme ni ulinzi gani wa basba ulio bora, wengi watakwambia wa impidansi ya chini, kwa sababu ni wa kidijitali. Wa impidansi ya juu ni wa kizee. Mimi naona jibu hili ni la kivivu, na ubaya wake unaonekana vizuri ukilipeleka mahali halisi.

Tuchore kichwani kituo kimoja cha kupozea umeme wilayani Tarime, chenye basba moja ya kilovolti 33. Fida moja inaelekea upande wa mgodi Nyamongo, nyingine mjini Tarime, ya tatu inakwenda mbali hadi Mugumu, Serengeti. Basba ndiyo upau wa shaba au alumini ambapo fida zote zinakutana. Hitilafu ikitokea hapo, breka zote lazima zifunguke upesi. Lakini rilei ikikosea, hitilafu ndogo ya mti kuangukia waya huko Serengeti inazima wilaya mbili nzima.

Kila rilei inauliza swali lilelile: je, mkondo unaoingia kwenye basba ni sawa na unaotoka? Anayempa jibu ni transfoma ya mkondo, ambayo mafundi wanaiita siti. Shida ni kwamba siti ikipitiwa na mkondo mkubwa kupita kiasi hushiba na kuanza kusema uongo. Hapo rilei inaona tofauti ambayo haipo. Mifumo hii miwili inatofautiana hasa katika namna ya kumvumilia huyo mwongo.

Tuseme siti zote ni za 600 kwa 1, na hitilafu ya ampea 6,000 imetokea nje, kwenye fida ya Mugumu. Upande wa pili wa siti inatakiwa kupita ampea 10. Mfumo wa impidansi ya juu unaanza na hali mbaya kabisa: siti ya Mugumu imeshiba yote, imebaki kama waya tu. Kama waya wake wa ndani una omu 3 na nyaya za kwenda kwenye rilei omu 1, volti itakayofika kwenye rilei ni 10 mara 4, yaani 40. Basi unaiweka rilei ifanye kazi kwenye volti 60, na uongo umekwisha. Hakuna programu, ni hesabu ya darasani tu.

Impidansi ya chini inalinganisha tofauti ya mikondo na jumla ya ukubwa wake. Siti ya Mugumu ikitoa ampea 4 badala ya 10, tofauti ni 6 na jumla ni 14, yaani asilimia 43. Ukiweka kizingiti cha asilimia 60, rilei inatulia. Ila siti ikishiba kabisa na kutoa sifuri, tofauti ni 10 na jumla ni 10: asilimia 100, sawasawa na hitilafu ya kweli ya ndani! Kinachookoa ni zile milisekunde chache za mwanzo kabla siti haijashiba, ambapo rilei iliona hakuna tofauti. Kwa hiyo huo "usasa" umeegemea programu kuwahi kutambua.

Je, mkongwe ameshinda? Bado. Hesabu yetu inadai siti zinazofanana, zisizotumiwa na kazi nyingine. Fida ya Mugumu yenye mzigo mdogo ingependa siti ya 300 kwa 1. Impidansi ya chini inakubali, unaandika tu uwiano kwenye rilei. Impidansi ya juu inagoma. Tena hitilafu ikiwa ya ndani, volti za nyaya zinaweza kupanda hadi kilele cha zaidi ya 3,000, ndiyo maana hufungwa kifaa cha kukikata.

Lakini lawama yangu kubwa ni ukimya wake. Siti zote zimeungwa sambamba, hivyo fundi akisahau kiungio alichofunga kwenye siti moja wakati wa majaribio, ulinzi wote umepofuka. Volti ya rilei ni karibu sifuri, kama ilivyo siku nzuri. Hutajua mpaka uingize mkondo wa majaribio. Kwenye impidansi ya chini, fida hiyo ingesomeka sifuri kwenye skrini wakati ina mzigo, na tofauti ingeonekana.

Kwa kituo chetu chenye fida zisizolingana, ningechagua impidansi ya chini, kwa sharti kwamba programu ijaribiwe kwa siti iliyoshiba kabisa. Kwa basba ndogo yenye siti pacha, isiyotarajiwa kuongezwa fida, yule mzee bado ana kazi. Ukiulizwa kipi bora, anza kwa kuuliza: siti zenu zikoje?